Kidonge cha Mpakani: Hoja Dhidi ya "Kizuizi cha Asili cha Kalsiamu"

Ukimuuliza mtu wa kwetu siku hizi kwa nini anameza vidonge vya magnesiamu, atakujibu kwa sentensi moja tu: "Magnesiamu ni kizuizi cha asili cha kalsiamu." Nimeisikia sentensi hiyo bwenini, ikisemwa na wanafunzi wa sayansi waliopaswa kuichunguza. Nimeisikia katika maduka ya dawa ya mji wa Busia, upande wa Uganda na upande wa Kenya. Sasa imefika mpaka Masinya, ambako mzee akikazwa na misuli ya mguu usiku, au binti akipigwa na kipandauso, jirani anamwelekeza kwenye kikopo kile kile cha vidonge. Misuli hukaza kwa kalsiamu, wanasema. Mishipa ya kichwa hubana kwa kalsiamu. Magnesiamu humzuia kalsiamu. Basi meza magnesiamu upone.

Nataka kugombana na sentensi hiyo, na nitangulize kusema kwamba si ya uongo. Ingekuwa ya uongo, kazi yangu ingekuwa nyepesi. Ni ya kweli, na ukweli wake ndio unaoiuza. Mwaka 1984 madaktari wawili wa Marekani, Iseri na French, waliandika katika jarida la magonjwa ya moyo kwamba magnesiamu ndiyo kizuizi cha kalsiamu ambacho mwili wenyewe unacho, na tangu hapo maneno hayo yamesafiri mbali kuliko waandishi wake. Ubishi wangu ni juu ya ile "basi" inayofuata. Kutoka "magnesiamu humzuia kalsiamu" hadi "basi meza kidonge" kuna mto mpana, na wauzaji wetu wanauvuka kana kwamba ni mfereji wa maji ya mvua.

Tuanze na lililo kweli. Kalsiamu na magnesiamu ni ndugu wa safu moja katika jedwali la elementi, na kila mmoja akiwa ndani ya maji ya mwili hubeba chaji mbili chanya. Chembe ya msuli na chembe ya neva zina milango midogo kwenye utando wake, na kalsiamu hupitia hapo. Ishara ya umeme inapofika mwisho wa neva, milango hiyo hufunguka, kalsiamu huingia kwa kishindo, na kuingia kwake ndiko kunakofanya neva imwage kemikali iitwayo asetilikolini juu ya msuli. Msuli nao hukaza. Magnesiamu hufika kwenye mlango ule ule, lakini hupita kwa shida sana, kwa sababu maji yaliyoizunguka ioni yake yameishika kwa nguvu kuliko yanavyoishika kalsiamu. Inasimama mlangoni kama mtu mwenye mzigo mkubwa katika kivuko cha mpakani: yeye hapiti, na walio nyuma yake wanachelewa. Kalsiamu ikiingia kidogo, asetilikolini humwagika kidogo, na msuli hulegea.

Upo mlango mwingine, katika ubongo, ambao magnesiamu huuziba hasa pale neva inapokuwa imetulia. Neva ikichangamka vya kutosha, magnesiamu hutupwa nje ya mlango na kalsiamu huingia. Jambo hilo nalo lilionyeshwa na watafiti mwaka 1984, na ndilo linalotajwa sana na wanaoipigia debe magnesiamu kwa ajili ya kipandauso. Yote hayo ni sayansi safi, na mwanafunzi anayetaka kuyapinga hana pa kushika.

Lakini mlango unahitaji walinzi wangapi ili uzibwe? Hilo ni swali la kipimo, na muuzaji hukimbilia mbali nalo. Damu ya mtu mzima mwenye afya ina magnesiamu kati ya milimoli 0.7 na 1.0 hivi katika kila lita. Mwili unakilinda kiwango hicho kwa wivu mkubwa, na mlinzi wake ni figo: ukimeza zaidi ya unachohitaji, sehemu haifyonzwi na hutoka na choo, na kile kilichofyonzwa kupita haja hutoka na mkojo. Mtu mwenye figo nzima anaweza kumeza vidonge vyake asubuhi na jioni, na damu yake ikabaki karibu pale pale ilipokuwa.

Sasa twende mahali ambapo magnesiamu inazuia kweli, tena mbele ya macho ya muuguzi. Kila hospitali ya eneo letu inayozalisha, kuanzia Masafu hadi Tororo na Busia ya Kenya, inahusika na ugonjwa huu: kifafa cha mimba. Mama mjamzito presha yake inapanda, protini inaonekana katika mkojo, kisha anaanza kutetemeka kwa degedege na kupoteza fahamu. Dawa yake ni salfeti ya magnesiamu, lakini haimezwi. Katika utaratibu unaojulikana kwa jina la Pritchard, mama hupewa kwanza gramu 4 zilizozimuliwa, polepole kwenye mshipa. Mara moja baada ya hapo hupewa gramu 5 katika kila tako, zikichanganywa na ganzi kidogo kwa sababu sindano hiyo inauma sana. Jumla ni gramu 14. Halafu gramu 5 kila baada ya saa 4, tako hili kisha lile, mpaka saa 24 zipite baada ya kujifungua au baada ya degedege la mwisho. Kwa njia hiyo magnesiamu katika damu hupanda hadi kati ya milimoli 2 na 3.5 kwa lita, mara mbili hadi tatu au zaidi ya kiwango cha kawaida.

Hapo ndipo utauona uadui wa magnesiamu na kalsiamu bila darubini. Kabla ya kila dozi muuguzi hugonga goti la mama kwa nyundo ndogo ya mpira. Mguu ukirusha, dozi itolewe. Mguu usiporusha, magnesiamu imezidi. Imeziba milango mingi mno ya neva, na kitakachofuata ni misuli ya kupumua kulegea. Goti hunyamaza kiwango kikifika milimoli 3.5 hadi 5. Pumzi hukata kati ya 5 na 6.5 hivi. Kwa hiyo muuguzi huhesabu pia pumzi, ambazo zisipungue 16 kwa dakika, na hupima mkojo, usipungue mililita 30 kwa saa, maana figo zikilala magnesiamu haina pa kutokea. Na ikiwa pumzi imekatika, mama husaidiwa kupumua huku akipewa gramu 1 ya glukoneti ya kalsiamu polepole kwenye mshipa. Dawa ya sumu ya magnesiamu ni kalsiamu! Mwenye kutaka ushahidi kwamba hawa wawili wanagombania mlango mmoja hana haja ya kwenda mbali zaidi ya wodi ya wazazi.

Linganisha sasa na mzee wa Masinya na kidonge chake. Kama kidonge kingefikisha damu yake kwenye kiwango cha kuziba milango ya neva kwa namna ile, tungelazimika kumgonga goti kila asubuhi kabla ya chai. Hatumgongi goti, na hakuna muuzaji aliyewahi kumwambia ajigonge. Kwa kutouliza, sote tunakiri kwamba kidonge hakifanyi kile kinachofanywa na sindano. Lakini hoja inayokiuza kidonge ni hoja ya sindano.

Najua atakayenijibu: "Hata hivyo, kama kuzuia kalsiamu kunasaidia sana kwa wingi, kutasaidia kidogo kwa uchache." Jibu hilo linavutia, na lingekuwa na nguvu kama kuzuia kalsiamu ndiko kulikokuwa siri yote ya dawa hii. Tazama kilichotokea walipolipima. Ipo dawa iitwayo nimodipini, iliyotengenezwa viwandani makusudi kuziba milango ya kalsiamu katika mishipa ya damu ya ubongo. Kama kifafa cha mimba kinatokana na mishipa ya ubongo kubana, na kama fadhila ya magnesiamu ni kuilegeza kwa kumzuia kalsiamu, basi nimodipini ingepaswa kushinda. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililowapa wanawake 1,650 wenye presha kali ya mimba ama nimodipini ama magnesiamu. Waliopatwa na degedege walikuwa asilimia 2.6 upande wa nimodipini, na asilimia 0.8 upande wa magnesiamu. Kizuizi halisi cha kalsiamu kilishindwa na "kizuizi cha asili" katika mashindano ambayo, kwa mujibu wa nadharia, kilitengenezwa kuyashinda. Maana yake ni kwamba magnesiamu inafanya jambo jingine pia, au inalifanya mahali pengine. Na wataalamu mpaka leo wanabishana ni lipi.

Kuna jingine linalonichekesha zaidi. Ukiifuata ile sentensi mpaka mwisho wake, kalsiamu ni adui wa mama mjamzito, na busara ni kumnyima. Lakini Shirika la Afya Duniani linapendekeza kinyume kabisa: pale ambapo chakula cha watu kina kalsiamu chache, wajawazito wapewe gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu kila siku, kwa sababu inapunguza hatari ya presha ya mimba. Vidonge vya magnesiamu katika ujauzito, kwa upande wake, havijaonyesha kwa uhakika kwamba vinazuia presha hiyo. Kwa hiyo anayezuiwa mlangoni ndiye anayekinga ugonjwa akiliwa, na mwenye kuzuia mlangoni hukinga degedege akidungwa. Mtu aliyekaa na kalamu yake akifikiri kwa kufuata utaratibu wa milango tu, angegawa dawa hizi mbili kinyume. Ndiyo maana nasema kwamba kujua jinsi dawa inavyofanya kazi si sawa na kujua kwamba inafanya kazi. Hilo la pili hujulikana kwa kuwapima watu.

Tena watu wetu wamo katika vipimo hivyo. Jaribio kubwa la mwaka 1995, lililofunga mjadala kuhusu kifafa cha mimba, lilifanyika katika nchi 9, na Uganda ilikuwa mojawapo. Wanawake waliokwisha kupata degedege walipewa magnesiamu, au diazepamu, au fenitoini, kwa kura. Waliopewa magnesiamu walikuwa na hatari ya degedege kurudi iliyopungua kwa asilimia 52 kuliko wa diazepamu, na kwa asilimia 67 kuliko wa fenitoini. Kabla ya hapo madaktari wengi wa Ulaya waliidharau magnesiamu, wakiona haina mantiki kutibu ubongo kwa chumvi ya kuharisha. Nao walikuwa wakibishana kwa nadharia! Akina mama wa Uganda, Ghana, India na kwingineko ndio waliowanyamazisha. Ni aibu, basi, sisi tulio jirani na ushahidi huo turudi kununua dawa kwa nadharia tupu.

Sasa nije kwenye misuli ya mguu. Mkazo wa usiku, ule unaomrusha mtu kitandani akishika shavu la mguu, hauanzi hasa katika msuli. Huanza katika neva inayouendesha, ambayo kwa sababu ya uchovu, uzee, au msuli kukaa muda mrefu umefupika, hujirushia ishara mfululizo. Kwa watu wengi wanaoupata, magnesiamu ya damu ni ya kawaida. Upungufu wa kweli upo, sikatai: mtu aliyeharisha kwa wiki nyingi, mlevi wa miaka, anayemeza dawa za kukojoza maji au omeprazoli kwa muda mrefu. Huyo anaweza kukazwa misuli, vidole vikajikunja, akasikia ganzi mdomoni, tena kalsiamu yake nayo ikashuka, kwa sababu tezi inayosimamia kalsiamu haifanyi kazi vyema bila magnesiamu. (Hapo tena wale "maadui" wanategemeana.) Mtu huyo atibiwe upungufu wake, na ampate daktari wa kutafuta chanzo. Lakini yeye si mzee wetu aliyelima siku nzima akalala miguu ikiuma.

Kwa mzee wetu, watafiti wa Israeli walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2017. Waliwachukua watu 94 wenye mkazo wa usiku, nusu wakapewa oksidi ya magnesiamu kila siku kwa wiki 4, nusu wakapewa vidonge vinavyofanana navyo lakini visivyo na dawa, na hakuna aliyejua amepewa kipi. Waliomeza magnesiamu walishuka kutoka karibu mikazo 8 kwa wiki hadi 4.4. Ungeishia hapo, ungekimbilia duka la dawa. Lakini waliomeza vidonge vitupu walishuka kutoka 8.5 hadi 5.5. Tofauti ya makundi hayo mawili haikuwa na uzito wowote. Mapitio ya Kokren ya mwaka 2020, yaliyokusanya majaribio 11 ya namna hiyo, yalifika mahali pale pale: kwa wazee, magnesiamu haielekei kuzuia mikazo kwa kiasi ambacho mgonjwa atakihisi, kwa wajawazito majaribio yanapingana.

Itazame tena ile namba ya vidonge vitupu, kwa maana ndiyo inayoeleza soko lote la mpakani. Mtu huanza dawa wakati maumivu yamemzidi. Na mikazo, kama mvua, hupanda na kushuka yenyewe. Baada ya mwezi amepata nafuu, na nafuu yake ni ya kweli. Anaposhuhudia kwamba "kilinisaidia", hasemi uongo. Ni kwamba angesaidika vilevile na kidonge cha unga wa muhogo. Ushuhuda wa jirani hauwezi kututofautishia hayo mawili hata akiwa mkweli kama malaika.

Ajabu ni kwamba dawa inayopunguza mikazo kidogo kweli ipo, na watu wa eneo letu la malaria tunaijua kwa uchungu wake: kwinini. Lakini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kushusha chembe za kugandisha damu, na kwa ajili hiyo mamlaka za dawa zimeonya isitumiwe kwa mkazo wa miguu. Mzee aliyekazwa afanye hivi: anyooshe goti, avute vidole vya mguu kuelekea kwake, ashikilie mpaka msuli uachie. Hakuna wa kumuuzia hilo, na labda ndiyo sababu hatulisikii likitangazwa.

Kwenye kipandauso nalazimika kubadili sauti, kwa sababu hapa upande wa pili una kitu mkononi. Katika kipandauso, hasa kile kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, kuna wimbi la msisimko linalotambaa juu ya gamba la ubongo polepole, milimita chache kwa dakika, na nyuma yake neva hunyamaza. Leão, mwanafiziolojia wa Brazili, alilieleza mwaka 1944 akichunguza sungura. (Namaanisha wimbi la bahari, si wimbi la uji, ingawa wimbi la uji nalo lina magnesiamu nzuri.) Ule mlango wa ubongo unaozibwa na magnesiamu unahusika katika kulieneza wimbi hilo, kwa hiyo dhana kwamba magnesiamu ingelituliza si ya kipuuzi.

Ilipopimwa ilikuwaje? Mwaka 1996 yalitoka majaribio mawili ya Kijerumani, na ningependa kila mwenye kikopo ayasome yote mawili. Katika la kwanza, la Peikert na wenzake, watu 81 walipewa miligramu 600 za magnesiamu kwa siku au vidonge vitupu kwa wiki 12. Kufikia wiki za mwisho mashambulizi yalikuwa yamepungua kwa asilimia 41.6 upande wa magnesiamu, na 15.8 upande wa vitupu. Hiyo ni tofauti ya kuheshimiwa. Katika la pili, la Pfaffenrath na wenzake, watu 69 walipewa kiasi kidogo zaidi, karibu miligramu 490 kwa siku. Walionufaika walikuwa asilimia 28.6 kwa magnesiamu na 29.4 kwa vitupu. Jaribio likasimamishwa kwa kuwa halikuwa na matumaini. Chumvi za magnesiamu walizotumia hazikuwa aina moja, vipimo havikuwa sawa, na pengine humo ndimo tofauti ilimo. Chuo cha Wataalamu wa Neva wa Marekani kilipoyapima yote mwaka 2012 kilisema magnesiamu "huenda" inafaa kuzuia kipandauso. Neno hilo nalikubali kwa uzito wake wote, wala si zaidi.

Kwa hiyo mwenzangu mwenye kipandauso cha mara kwa mara akitaka kujaribu, simzuii, mradi ajue anajaribu nini. Anajaribu kuzuia, si kutuliza: kidonge kinachomezwa wakati kichwa kimeshaanza kupasuka si kile kilichopimwa katika majaribio hayo. Ameze kila siku kwa miezi 3, akiandika katika daftari siku za maumivu tangu mwezi mmoja kabla ya kuanza, maana bila daftari atadanganywa na kumbukumbu yake. Asome kwenye lebo kiasi cha magnesiamu yenyewe, si uzito wa chumvi nzima. Ategemee kuharisha: katika jaribio la Peikert karibu mmoja kati ya watano aliharisha. Kama figo zake ni mbovu, asiguse. Na kama anatumia doksisaiklini au siprofloksasini, aache saa kadhaa kati ya dawa hizo na magnesiamu, kwa sababu magnesiamu huzishika tumboni zisifyonzwe, na ugonjwa uliokuwa ukitibiwa ukabaki pale pale. Muuzaji wa stendi aliyewahi kuniuzia mimi vidonge hivyo hakuuliza hata moja kati ya haya. Aliuliza tu kama ninataka kikopo kidogo au kikubwa.

Ningeweza kuvumilia biashara hii kama hasara yake ingekuwa fedha peke yake. Nitoe mfano wa kubuni, lakini ambao mkunga yeyote wa upande wetu ataukubali. Dada mmoja wa Masinya ana mimba ya kwanza, wiki ya 34. Tangu jana kichwa kinamuuma mbele, hakikomi kwa panadoli, na anaona vimulimuli. Miguu na uso vimevimba, lakini wajawazito huvimba, anaambiwa. Mama mkwe anakumbuka kwamba kipandauso huja na vimulimuli. Anatuma mtoto dukani. Mtoto anarudi na vidonge vya magnesiamu, ambavyo "hata hospitali huwapa wajawazito". Kila kipande cha ushauri huo kina ukweli ndani yake. Vimulimuli ni vya kipandauso, kweli. Magnesiamu hutumika kwa wajawazito, kweli. Inamzuia kalsiamu, kweli kabisa.

Lakini presha ya dada huyu ni 170 kwa 115, na hakuna aliyeipima. Vimulimuli vyake ni dalili ya kifafa cha mimba kinachobisha hodi. Anachohitaji ni ile magnesiamu ya gramu 14, kwa sindano, pamoja na dawa ya kushusha presha, na kupangiwa kujifungua. Jaribio la Magpie, lililowahusisha wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33 na kuchapishwa mwaka 2002, lilionyesha kwamba sindano hiyo ikitolewa kabla ya degedege hupunguza hatari ya degedege lenyewe kwa asilimia 58. Kidonge alichoshika mkononi kinamwongezea magnesiamu kidogo ambayo figo zake, kama bado zinafanya kazi, zitaitoa kabla ya jioni. Kinachompa kwa wingi ni subira. Analala, anangoja kidonge kifanye kazi.

Kwa hiyo namna ya kutofautisha inafaa kujulikana na kila mtu wa nyumba yenye mjamzito. Maumivu ya kichwa yanayoanza baada ya wiki ya 20, kwa mtu ambaye hakuwa nayo kabla au ambayo hayafanani na yale aliyoyazoea, pamoja na kuona ukungu au vimulimuli, au maumivu chini ya mbavu za kulia, yahesabiwe kuwa presha ya mimba mpaka kipimo kikatae. Kipimo chenyewe ni mkanda wa presha na kijiti cha mkojo, na havihitaji hospitali kubwa. Namba 140 kwa 90 ni ya kuangaliwa. 160 kwa 110 ni ya kukimbia. Kituo kidogo kisichoweza kumlaza kinapaswa kumpa dozi ya kwanza hapo hapo kisha kumpeleka mbele. Ndivyo linavyoelekeza Shirika la Afya Duniani. Na kama gari la wagonjwa halipo, Busia ndiko inakosemwa bodaboda zilizaliwa, zikivusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Akalishwe katikati, na mtu mwingine amshike nyuma, aondoke sasa hivi, hata kama ni usiku. Vidonge vibaki mezani, na aliyevileta aeleze kituoni amemeza vingapi na saa ngapi, kwa sababu mwenye kudunga gramu 14 atataka kujua.